Kile Ambacho Asilimia 70 Haisemi

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kampala



Mkichukua chokoleti nyeusi katika duka lolote la hapa Kampala, iwe imetengenezwa papa hapa mjini kwa kakao ya Bundibugyo au imeletwa kutoka Ubelgiji, mtakuta namba moja imechapwa kubwa kuliko nyingine zote: asilimia 70, au 72, au 85. Wateja wengi huisoma namba hiyo kama kipimo cha afya. Huamini kwamba kadiri inavyopanda ndivyo moyo unavyofaidika. Na tangu habari za metali zenye sumu ndani ya chokoleti zianze kusambaa, wapo wanaoisoma kinyume, kwamba kadiri inavyopanda ndivyo hatari inavyozidi. Jioni hii nataka kuwaonyesha kwamba namba hiyo haitoshi kukupa jibu la swali la kwanza wala la pili, na kwamba majibu yote mawili yanapatikana mahali pengine kabisa: shambani, kwenye uanio wa kukaushia na kiwandani.

Asilimia 70 maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za chokoleti, gramu 70 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, na zilizobaki karibu zote ni sukari. Lakini mbegu ya kakao takriban nusu yake ni mafuta, ndiyo siagi ya kakao, na mtengenezaji anaruhusiwa kuongeza siagi na kuihesabu humo humo katika zile 70. Sasa, flavanoli, zile kemikali za mmea zinazosifiwa kwa kusaidia mishipa ya damu, hazikai katika siagi. Kadimiamu na risasi nazo karibu zote hazikai huko. Zote tatu zimo katika sehemu kavu ya kahawia, ile inayobaki mafuta yakikamuliwa. Kwa hiyo chokoleti mbili zenye asilimia 70 zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa imejazwa siagi na nyingine ikiwa na unga mwingi wa mbegu.

Flavanoli, kadimiamu na risasi zinakaa pamoja, ila hazikuingia kwa mlango mmoja. Flavanoli huzaliwa na mti, kisha hupotea mikononi mwetu. Kadimiamu hutoka kwenye udongo na kupanda kwa mizizi. Risasi, kwa sehemu kubwa, huipata mbegu baada ya kutoka ndani ya tunda. Tukishaelewa milango hiyo mitatu, tutajua ni nani wa kuulizwa nini.

Nianze na flavanoli, kwa kuwa ndizo zilizoleta sifa yote. Inayojulikana zaidi kati yake ni epikatekini. Ikifika kwenye damu huwezesha utando wa ndani wa mishipa kutoa oksidi ya nitriki kwa wingi zaidi, na gesi hiyo huilegeza misuli ya mshipa, ukatanuka. Jambo hili limepimwa kwa watu mara nyingi, na mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa kutanuka ipasavyo. Lakini mshipa kutanuka ni jambo moja, na mtu kuepuka ugonjwa wa moyo ni jambo jingine. Kwa hilo la pili, utafiti mkubwa tulio nao ni ule wa Marekani uitwao COSMOS, uliochapishwa mwaka 2022. Wazee 21,442 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao, wengine vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu na nusu hivi. Jumla ya matukio ya ugonjwa wa moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 10, lakini upungufu huo ulikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kutokana na bahati tu. Vifo vitokanavyo na magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27, na hapa tofauti ilikuwa wazi zaidi, ingawa hilo halikuwa swali kuu la utafiti. Sehemu ya gharama ililipwa na kampuni ya Mars, watengenezaji wa chokoleti, na ni haki yenu kulijua hilo.

Nayachukulia matokeo hayo kwa uzito, lakini naomba mzingatie neno vidonge. Washiriki wale hawakula chokoleti. Walimeza dondoo la kakao lililoandaliwa makusudi ili flavanoli zisipotee, bila sukari, bila siagi. Yeyote anayekuuzia chokoleti kwa kutaja utafiti huo anakuuzia kitu ambacho utafiti haukukipima. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maneno ya tahadhari sana kuhusu moyo yaandikwe kwenye unga wa kakao wenye angalau asilimia 4 ya flavanoli, ikasisitiza kwamba ushahidi ni mdogo mno. Ruhusa hiyo haikugusa chokoleti ya kawaida.

Flavanoli hupotelea wapi? Twende Bundibugyo, chini ya Milima ya Rwenzori, kwenye wilaya inayotoa sehemu kubwa ya kakao yote ya Uganda. Mkulima anapasua tunda na kutoa mbegu zikiwa zimefunikwa na ute mweupe mtamu. Mbegu mbichi ukiikata ndani ni ya zambarau, na ukiitafuna inakunja ulimi kwa uchungu na ukakasi. Ukakasi ule ndio flavanoli zenyewe. Mbegu hutiwa katika masanduku ya mbao au hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba, zikachachuka siku tano au sita huku zikigeuzwa mara kwa mara. Chachu hula sukari ya ute, bakteria hutengeneza asidi, joto hupanda hadi kati ya nyuzi 45 na 50, na mbegu hufa. Ikishakufa, kuta za chembe zake hupasuka, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na flavanoli na hewa. Zambarau hugeuka kahawia. Uchungu hupungua, na papo hapo huzaliwa vijenzi vya ile ladha tunayoiita chokoleti. Katika mbegu zilizochachushwa vizuri, epikatekini inaweza kupungua kwa zaidi ya sehemu nne kati ya tano.

Hapa simlaumu mchachushaji. Kakao isiyochachushwa haina ladha ya chokoleti, na mnunuzi wa Ulaya huipima kwa kisu: hukata mbegu 300 kwa urefu na kuhesabu ngapi ni kahawia, ngapi zambarau, ngapi za kijivu cha jiwe. Za kijivu hazikuchachuka kabisa, na zikizidi, bei inashuka. Ninachotaka mkione ni kwamba sifa ile ile inayompa mkulima bei nzuri ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya flavanoli. Bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, wizi wa matunda uliongezeka na wakulima wakawa na haraka ya kuvuna na kuuza kabla mwizi hajafika. Mbegu za haraka za namna hiyo, zisizochachuka vya kutosha, huwa na flavanoli nyingi zaidi, lakini chokoleti yake ni chungu na yenye ukakasi, na mtengenezaji huishia kuifunika kwa sukari.

Kisha huja kukaanga. Joto hupunguza flavanoli tena, na hugeuza sehemu ya epikatekini kuwa katekini ya umbo ambalo utumbo wetu hulifyonza kwa shida. Mtengenezaji anayekaanga kwa moto wa chini huokoa kiasi fulani. Lakini pigo kubwa kuliko yote ni alkali. Kama mpishi anavyotia magadi katika maharage ili yalainike na yakoze rangi, ndivyo viwanda vingi vinavyotia kaboneti ya potasiamu katika kakao ili unga uwe mweusi, usio mchachu na unaochanganyika vizuri na maji. Rangi inapendeza, na flavanoli zinakwisha. Katika vipimo vya maabara epikatekini imeonekana kupungua hadi kwa asilimia 98. Watafiti wa Marekani waliopima unga wa kakao wa madukani na kuchapisha matokeo mwaka 2008 walikuta unga usiotiwa alkali una wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu, na uliotiwa alkali nyingi miligramu 3.9 tu. Tofauti ni mara tisa, na zote mbili ni asilimia 100 kakao.

Tuifanyie hesabu tofauti hiyo. Ili upate zile miligramu 500 za COSMOS kwa unga usiotiwa alkali, unahitaji gramu 14 na nusu hivi, vijiko viwili au vitatu vya chakula. Kwa unga uliotiwa alkali nyingi unahitaji gramu 128 kila siku. Hakuna anayekula hivyo. Lakini shikeni namba hizo mbili, kwa sababu alkali inayoondoa flavanoli haiondoi kadimiamu. Metali hubaki pale pale. Tuseme unga wa aina zote mbili una miligramu 0.30 za kadimiamu kwa kilo, kiwango kilicho chini ya kikomo cha Ulaya cha 0.60 kwa unga unaouzwa kwa mlaji. Wa kwanza utakupa mikrogramu 4 hivi za kadimiamu pamoja na flavanoli zako. Wa pili, kwa flavanoli zile zile, ungekupa mikrogramu 38. Mtu anayekunywa kakao nyeusi ya alkali akitafuta afya ya moyo anabeba mzigo wote wa metali na kuacha nyuma karibu faida yote.

Hiyo kadimiamu yenyewe imetoka wapi? Iko kwenye miamba na udongo tangu asili, kwa viwango tofauti, na mti wa kakao ni hodari wa kuifyonza. Mizizi huipokea kupitia njia zile zile inazopitishia zinki na chuma, kwa kuwa kikemia zinafanana. Ikiingia, hupanda hadi kwenye majani na mbegu. Majani huanguka, huoza, na kadimiamu hurudi kwenye udongo wa juu ambako mizizi myembamba ipo tayari kuipokea tena, hivyo mti wenyewe huirundika karibu yake mwaka hadi mwaka. Udongo ukiwa na asidi nyingi kadimiamu hulegea na kufyonzwa kwa urahisi. Ukiwa na chokaa na mboji ya kutosha, hushikwa. Ndiyo maana kakao ya baadhi ya maeneo ya Ekwado, Peru na Kolombia ina kadimiamu nyingi kuliko ya Afrika Magharibi. Uchunguzi wa chokoleti 155 uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulionyesha tofauti hiyo hiyo: zenye kakao ya Amerika Kusini zilikuwa juu.

Huulizwa mara kwa mara kuhusu mgodi wa shaba wa Kilembe, uliochimbwa kuanzia 1956 hadi 1982 na kuacha marundo ya mabaki yanayosombwa na mto Nyamwamba. Ni swali la haki. Lakini Kilembe iko upande wa mashariki wa Rwenzori, Kasese, na Nyamwamba humwaga maji yake Ziwa George. Bundibugyo iko mgongo wa pili wa mlima, na mito yake huteremkia Semuliki. Maji ya mgodi hayafiki huko. Kakao ya Bundibugyo, ambayo nyingi hulimwa bila mbolea ya viwandani, itakuwa na kadimiamu ile tu ambayo udongo wake wenyewe unayo. Na udongo hubadilika: nchi nyingine zimejifunza kwamba mashamba mawili yanayopakana yanaweza kutoa mbegu zenye kadimiamu tofauti kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha wilaya nzima hakitoshi. Ni shamba kwa shamba, au angalau kijiji kwa kijiji.

Akikuta kadimiamu iko juu, mkulima hana dawa ya haraka. Chokaa husaidia pale udongo una asidi, lakini mizizi iko chini na chokaa huteremka polepole, kwa hiyo matokeo hungojwa miaka. Mbolea ya fosfati ya bei rahisi inaweza kuongeza kadimiamu ikiwa imetoka kwenye miamba yenye kadimiamu nyingi, hivyo cheti cha mbolea kisomwe kabla ya kununua. Njia inayofanya kazi mara moja ni ya mtengenezaji, nayo ni kuchanganya mbegu za mahali penye kiwango cha juu na za mahali penye kiwango cha chini. Wapo wanaoiona kama hila. Mimi naona ni kazi halali, mradi imefanywa kwa vipimo na si kwa kubahatisha.

Risasi ina kisa tofauti, na hapo ndipo tuna uwezo mkubwa zaidi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha vipimo vya kakao ya Naijeria. Ndani ya mbegu, wakiwa wameitoa kwa uangalifu bila kuichafua, walikuta risasi isiyozidi nanogramu 0.5 kwa gramu, mojawapo ya viwango vya chini kabisa vilivyowahi kuripotiwa katika chakula cha asili. Katika bidhaa za viwandani walikuta hadi nanogramu 230 kwa gramu ya unga wa kakao na 70 kwa gramu ya chokoleti. Mti, kwa maneno mengine, ulikuwa msafi. Uchafu ulikuja baadaye, na ganda la mbegu ndilo linaloupokea, kwa kuwa ganda la kakao hushika risasi kwa nguvu kiasi kwamba limewahi kufikiriwa kama kichujio cha maji machafu. Alama ya isotopu za risasi ile ililingana na petroli yenye risasi iliyokuwa bado ikitumika huko.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyoanguka kwenye udongo haiozi. Hapa Kampala tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka huo huo wa 2006 Grace Nabulo na wenzake walichapisha vipimo vya udongo na mboga kandokando ya barabara za mji huu. Risasi ilikuwa nyingi ukingoni mwa barabara na ilipungua kadiri walivyosogea mbali, na katika mboga za majani ilikuwa imefika zaidi kwa vumbi la hewani kuliko kwa mizizi. Walishauri mboga zilimwe angalau mita 30 kutoka barabara zenye magari mengi.

Sasa zichukueni mita 30 hizo mwende nazo Bundibugyo. Mbegu zikitoka kwenye masanduku zimelowa, zinanata, na zinahitaji jua la siku kadhaa hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 7. Jua zuri na ardhi ngumu isiyo na matope viko wapi? Barabarani. Anayetandaza turubai kando ya lami au uwanjani kwenye udongo mtupu, na kuku wakipita juu yake na bodaboda zikitimua vumbi, anaiwekea mbegu yenye kunata vumbi la kila aina, na ganda linalikamata. Uanio wa mbao na waya ulioinuliwa hadi kiunoni, ndani ya shamba na mbali na njia, unazuia sehemu kubwa ya hayo. Hauhitaji kemia yoyote. Unahitaji mbao, wavu, paa la nailoni la kujikinga na mvua, na mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi kwa mbegu zilizokaushwa hivyo, na hilo la mwisho ndilo linalokosekana mara nyingi.

Hatua ya pili ya kinga iko kiwandani. Baada ya kukaanga, mbegu huvunjwa na kupepetwa ili maganda yatenganishwe na kiini. Kanuni ya kimataifa ya Codex inaruhusu maganda na vijiti vya mche visizidi asilimia 5 ya sehemu kavu isiyo na mafuta. Kwa mtengenezaji mdogo mwenye mashine duni, asilimia 5 hufikiwa upesi. Na kwa kuwa risasi imejikusanya kwenye ganda, kupepeta vibaya ni sawa na kuirudisha kwa hiari. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono chai ya maganda ya kakao inayouzwa kama kinywaji cha afya, isipokuwa muuzaji ana kipimo cha risasi cha shehena hiyo hiyo.

Twendeni sasa kwenye kipande chenyewe. Tuseme mama mmoja wa hapa mjini, mwenye uzito wa kilo 60, anakula gramu 20 za chokoleti nyeusi kila siku, na mwanawe wa kilo 15 anataka kiasi hicho hicho. Tuseme pia chokoleti hiyo ina miligramu 0.30 za kadimiamu na miligramu 0.05 za risasi kwa kilo. Kila mmoja anapata mikrogramu 6 za kadimiamu na mikrogramu 1 ya risasi.

Kikomo cha Ulaya cha kadimiamu kwa chokoleti yenye nusu au zaidi ya kakao kavu, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, ni miligramu 0.80 kwa kilo. Chokoleti yetu imepita kwa urahisi. Lakini mwaka 2022 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima chokoleti nyeusi 28 na kutangaza kwamba 23 kati yake zingempa mlaji, kwa gramu 28 kwa siku, kadimiamu au risasi zaidi ya kipimo walichokitumia. Kipimo hicho kilikuwa cha California: mikrogramu 4.1 za kadimiamu na 0.5 ya risasi kwa siku. Kwa kipimo hicho chokoleti yetu imeanguka mara mbili. Je, Ulaya imelala, au California imepita kiasi? Vipimo hivi vinajibu maswali tofauti. Cha Ulaya ni mpaka wa biashara: juu yake bidhaa haiuzwi. Cha California ni mpaka wa onyo, na kwa risasi walichukua kiwango kisichoonekana kudhuru uzazi wakakigawa kwa 1,000. Kukipita hakumaanishi mtu ameshapata sumu. Kunamaanisha sheria yao inataka aambiwe.

Kwa mama yetu, kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha wataalamu wa Ulaya cha kadimiamu inayovumilika kwa wiki kutoka vyakula vyote: mikrogramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 60 ni 150 kwa wiki, yaani 21 hivi kwa siku. Chokoleti inachukua zaidi kidogo ya robo, na bado hajala wali, viazi na mboga, ambavyo navyo vina kadimiamu yake. Si hatari ya leo. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miongo, na hesabu yake ni ya maisha. Mwanamke mwenye upungufu wa madini ya chuma, na hapa kwetu ni wengi, huifyonza zaidi. Ningemwambia ale mara mbili au tatu kwa wiki, wala asiione chokoleti kama dawa.

Kwa mtoto hesabu inageuka. Kilo 15 humruhusu mikrogramu 5.4 kwa siku, na kipande kimeshampa 6 kabla hajanywa uji. Risasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo unaokua. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikifuta kiwango chake cha zamani kwa sababu hiyo. Mamlaka ya Marekani huichukua mikrogramu 2.2 kwa siku, kutoka vyakula vyote, kuwa alama ya kuangalia kwa watoto, na mtoto wetu amekaribia nusu yake kwa kipande kimoja. Chokoleti nyeusi ya kila siku si chakula cha mtoto wa miaka mitatu. Hilo nalisema bila kusita.

Neno langu la mwisho ni kwa watengenezaji na wanunuzi waliomo ukumbini. Mkipeleka sampuli maabara, msipeleke chokoleti iliyokamilika peke yake. Chukueni mbegu kidogo kidogo kutoka magunia mengi ya shehena moja, mzichanganye, kisha mzimenye kwa mkono. Pelekeni viini peke yake na maganda peke yake, kila kimoja katika mfuko safi. Ombeni vilevile wapime sampuli tupu isiyo na kakao, kwa sababu risasi ya vumbi la maabara yenyewe inaweza kuharibu matokeo. Majibu yakirudi yameandikwa kwamba risasi haikuonekana, ulizeni mashine yao huona kuanzia kiasi gani. Ikiwa haioni chini ya miligramu 0.1 kwa kilo, basi kipande cha gramu 20 kinaweza kubeba hadi mikrogramu 2 bila kuonekana, na jibu hilo halimfai mtoto.

Kisha linganisheni. Risasi ikiwa juu kwenye maganda na chini kwenye viini, tatizo ni mahali pa kukaushia, na marekebisho yanaweza kufanyika kabla ya msimu ujao wa mavuno. Risasi ikiwa juu kwenye viini vilivyomenywa kwa mkono vilevile, rudieni kipimo kwanza, maana mara nyingi ni vumbi lililoingia wakati wa kumenya. Kadimiamu ikiwa juu kwenye viini, kusafisha hakutasaidia: ulizeni shehena ilitoka kijiji gani, mpime asidi ya udongo wa huko, na mpaka chokaa ifanye kazi, mbegu za kijiji hicho zichanganywe na za kwingine. Na ikiwa chokoleti iliyokamilika ina risasi nyingi kuliko viini vilivyoingia kiwandani, kagueni kipepeteo, mpime sukari, na mtazame mashine ya kusagia.